Kiini Kilikuwa cha Wateja

Katika nyumba ya Mama Koni mayai hayakuwahi kukosekana, na ndiyo maana hakuna aliyefikiri kwamba kasoro ingeweza kutoka huko.

Alikuwa mtengenezaji wa aiskrimu, ile ya kupikwa, si ya maji na rangi. Kila asubuhi alisimama mbele ya meza ya jikoni, akagonga yai kwenye ukingo wa bakuli, akalimwaga kiganjani na kuacha ute uchuruzike kati ya vidole mpaka kibaki kiini peke yake, kimetuna, kinatetemeka. Kiini kiliingia kwenye sufuria ya maziwa na sukari. Ute ulianguka kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Viini ndivyo vilivyoifanya aiskrimu yake iwe nzito na laini ulimini, na wateja walikuja kutoka mitaa ya mbali wakiwa na vyombo vyao.

Ute ulibaki nyumbani. Ulikaangwa kwenye kikaango kikavu, ukatiwa chumvi, ukaliwa na mboga za majani. Hicho ndicho kilichokuwa kitoweo cha nyumba tangu aanze biashara.

"Hapa tunakula mayai kama matajiri," mumewe alizoea kuwaambia wageni.

"Matajiri wa weupe," dada yake mume alimjibu kila mara. "Kiini kimekwenda kutembea." Huyo wifi alikuwa fundi cherehani, anakaa chumba cha uani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Wote walicheka. Ulikuwa utani wa nyumbani, na utani wa nyumbani hakuna anayeusikiliza.

Mume aliitwa Mwezi. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana ya umeme, kwa kuwa kazi yake ilianza jua linapozama. Alipanda gari la ngazi, akapita mtaa kwa mtaa taa za barabarani zinapowaka, akitafuta zile ambazo hazikuwaka. Taa iliyokufa haijulikani mchana; mchana zote zimelala sawasawa. Lazima uikute jioni, kwenye ule mwanga unaokwisha, nguzo imesimama kimya kati ya wenzake. Mwezi aliziona kutoka mbali kabla dereva hajapunguza mwendo. Alikuwa akisema taa iliyokufa ina namna yake ya kusimama, kama mtu anayejifanya amelala.

Kisha akaanza kuzipita.

Mwanzo dereva alidhani mwenzake amechoka. "Mwezi, ile je?" "Ipi?" "Ile tuliyoipita, bwana, nyeusi kama chungu." Mwezi akageuza shingo, akatazama nyuma, akasema kweli, ile. Lakini alikuwa hajaiona. Alichoona nyuma yake ni kiza tupu, na ndani ya kiza hicho mianga michache iliyozagaa kama makaa.

Nyumbani nako jioni zikawa na mitego. Alijikwaa kwenye kigoda kilichokaa pale pale miaka yote. Alimsalimia wifi kwa jina la jirani. Mchana aliona vizuri, aliweza hata kumchomolea mkewe mwiba kidoleni. Jua likitua, anakuwa mtu wa kupapasa kuta.

"Kaka umezeeka," wifi alimwambia. "Ulioa mapema, macho yamechakaa kwa kumtazama mkeo."

"Angekuwa ananitazama angejua nimesuka," Mama Koni alijibu.

Walicheka tena. Lakini usoni pa Mwezi kicheko kilichelewa, na mkewe aliona.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hawakuliweka karibu na hilo la macho. Kwa muda mrefu tumbo la Mwezi lilikuwa limekataa mafuta. Akila kitu cha kukaanga anajaa, anashika ubavu, anakaa kitako akisubiri kipite. Kwa hiyo mkewe aliyaondoa mafuta nyumbani polepole, kwa mapenzi, kama mtu anavyookota mawe kwenye mchele. Mchicha akauchemsha kwa maji na chumvi. Karoti na boga akavichemsha. Ute wa yai akaukaanga bila tone. Mwezi alikula sahani nzima, tumbo likatulia, naye Mama Koni akajipongeza moyoni kwamba amemjengea mumewe chakula cha afya kuliko cha watu wote mtaani.

Jioni moja Mwezi alirudi mapema. Alivua viatu, akakaa, akasema bila kumtazama mtu, "Mkuu wa karakana kaniambia nikae nyumbani hadi macho yarudi. Yasiporudi atanitafutia kazi ya stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Kuhesabu balbu."

Mama Koni alivichukua vile viatu, akaviweka kando ya mlango. Alimjua mumewe. Mtu aliyezoea kuutazama mji mzima ukiwaka hawezi kukaa ndani ya chumba akihesabu balbu zilizozimika.

Asubuhi yake walikwenda kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza Mwezi, akamwangalia macho kwa tochi, akawaelekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kwa Bi Lishe, mama wa makamo mwenye kikohozi kikavu, ambaye mizani ya watoto wachanga mezani pake ilikuwa imejaa maembe ya chakula chake cha mchana.

"Kutoona jioni mara nyingi ni upungufu wa vitamini A," alisema. "Tuanze na chakula. Baba, unakula mboga za majani?"

"Kila siku."

"Karoti, boga, viazi vya rangi ya chungwa?"

"Nimekuwa sungura mimi."

"Mayai?"

"Kila siku," Mama Koni alidakia, na hakuweza kuficha fahari. "Mayai na mboga, sahani moja. Mimi ni mtu wa mayai, kazi yangu."

Bi Lishe alikohoa, akakunja uso. Chakula hicho kilikuwa kile kile ambacho angewashauri wakile. Aliwatazama wote wawili kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo inayovuja. Mwishoni akasema, "Kesho rudini. Na chakula chake cha mchana mje nacho, kama kilivyo. Nataka kukiona kwa macho yangu."

Siku ya pili Mama Koni alifungua kibakuli mbele yake. Mchicha uliochemshwa, vipande vya karoti, na juu yake ute wa yai, mweupe, safi, umekunjwa kama leso.

Bi Lishe aliinua ule ute kwa ncha ya kijiko, akachungulia chini yake.

"Kiini kiko wapi?"

"Cha wateja," alisema Mama Koni.

Bi Lishe akaweka kijiko chini. Mwezi akaanza kucheka kwa sauti ndogo, akajizuia.

"Mama," alisema Bi Lishe taratibu, "ukipika aiskrimu yako kiini unakitia cha nini?"

"Kinashika. Maziwa yana maji na yana mafuta. Bila kiini vinatengana, unapata barafu ya punje punje."

"Basi umeshajua nusu ya ninachotaka kukwambia." Alichukua karoti moja kutoka kibakulini, akaiweka kiganjani. "Hii rangi ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A. Majani mabichi nayo yanayo, imejificha chini ya kijani. Lakini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukila karoti na maji na chumvi, rangi nyingi inabaki imeng'ang'ania kwenye nyuzinyuzi zake, inateremka utumbo mzima, inatoka ilivyoingia. Yakiwepo mafuta, rangi inahamia kwenye mafuta. Nyongo inakuja kuyakata yale mafuta yawe matone madogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na matone hayo ndiyo yanayopenya ukuta wa utumbo. Kiini kina mafuta, na kina kile kitu kinachoshikanisha mafuta na maji, kile kile cha sufuria yako. Tena kina vitamini A yake na rangi yake yenyewe, iliyokwisha kuyeyuka, mwili unaichukua bila taabu. Na si A tu. E, K, D, zote hizo ni za mafuta, zinapita mlango mmoja."

"Na huu weupe?"

"Huo ni wa kujenga nyama ya mwili. Mzuri. Lakini mafuta hauna."

Mama Koni alitazama kibakuli. Aliona ndoo yake ndogo, aliona miaka yote ya ute, aliona mikono yake mwenyewe ikitenganisha kila asubuhi kile ambacho kilipaswa kukaa pamoja.

"Kwa hiyo nikimpa kiini asubuhi na mboga mchana?"

"Hapana, mama. Vikutane tumboni, mlo mmoja. Vikipishana, hakuna kinachombeba mwenzake. Anza kidogo kidogo, kwa ajili ya tumbo lake. Na akila sana karoti ukaona viganja vimekuwa njano kidogo, usishtuke, hiyo ni rangi tu imeingia. Mrudi mwezi ujao, nimwone."

Walitoka pale wepesi. Njiani Mwezi alimwambia mkewe, "Kumbe umenilisha maganda."

"Nimekulisha ulichokuwa unasifu mbele ya wageni."

"Nilikuwa nasifu mpishi."

Ndivyo Mwezi alivyokuwa. Kosa la mtu alilipokea kama anavyopokea mzigo wa jirani, akautua chini bila kuuliza una nini ndani.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya kutenga mayai ya sufuria, Mama Koni aliweka pembeni mawili mazima. Aliyapika na mchicha na karoti ndani ya kikaango kimoja, kiini kikavurugika katikati ya majani mpaka mboga yote ikang'aa. Mwezi alikula polepole. Tumbo lilimsumbua, hakusema. Wifi alikuja kusimama mlangoni.

"Leo kiini kimerudi safari," alisema. "Kimekuja na zawadi gani?"

"Macho ya kaka yako," alisema Mama Koni.

Kila jioni walikaa kibarazani wakisubiri. Jua likitua, Mama Koni anainua kitu. "Nimeshika nini?"

"Mwiko."

"Na hiki?"

"Kikombe. Cha bluu."

Moyo wa Mama Koni ulipaa. Siku baada ya siku Mwezi alijibu, na mara nyingi alipatia, na mkewe akaanza kuimba jikoni. Hakujua kwamba mumewe alikuwa akisikiliza: mwiko ulipogonga ukingo wa sufuria, kikombe kilipotolewa kwenye kabati lenye bawaba inayolia. Na kikombe cha bluu ndicho pekee walichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha bati. Mwezi hakumdanganya kwa ubaya. Alimwona anafurahi mchana, akataka afurahi na jioni.

Halafu ikaja ile rangi.

Ilianzia viganjani, kama alivyosema Bi Lishe. Mama Koni aliigundua asubuhi mumewe alipompokea ndoo ya maji. Aliukamata ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Njano. Njano changa, ya kiini cha kuku wa kienyeji. Akaubusu, jambo ambalo hakulizoea mchana.

"Imeingia," alisema. "Unaona? Rangi imeingia."

Ikapanda shingoni, ikafika usoni. Wifi alipiga magoti mbele ya kaka yake akamkagua kama kitambaa. "Kaka, unageuka kiini. Wifi yangu akikosa mayai atakutia wewe sufuriani." Dereva wa gari la ngazi alikuja kumtazama mwenzake akacheka hadi akashika nguzo: "Tulikupa jina la Mwezi, kumbe ulikuwa hujakomaa. Sasa ndio umeiva."

Mwezi alicheka nao. Mama Koni alikuwa na furaha kiasi kwamba siku ya kurudi kwa Bi Lishe ilipofika, kulikuwa na harusi na oda ya aiskrimu, akasema watakwenda baadaye. Kuna haraka gani, dawa inaonekana kwa macho inafanya kazi.

Mambo mengine Mwezi aliyaweka mwenyewe. Alikuwa akijikuna, hasa mapajani na nyayoni, akasema ni sabuni mpya. Haja ndogo ilikuwa nyeusi kama chai iliyokolea, haja kubwa ikawa ya rangi ya udongo mweupe, ya kunata, isiyokubali kuzama. Mwanamume mzima hatoki chooni na kumwita mkewe aje kutazama. Alipopiga mswaki mate yalitoka na damu, akasuuza sinki. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini Mwezi hakuficha maradhi. Alificha kitu kidogo kidogo, kila kimoja mbali na mwenzake.

Kilichomfichua ni chai. Jioni hiyo mvua ilikuwa imenyesha na wifi amekuja kuketi nao. Mwezi aliinua birika ammiminie mgeni, kwa adabu, akijiamini, akamimina chai yote mezani, kando ya kikombe, kwa utulivu kabisa, huku akiongea. Chai ikafika ukingoni, ikaanza kumdondokea magotini.

Wifi alisogeza kiti chake nyuma.

Mama Koni alimtoa birika mkononi. "Huoni," alisema.

"Mvua imeleta giza."

"Baba. Huoni kabisa."

Mwezi alipangusa goti. "Sijaona tangu mwanzo," alisema. "Nisamehe. Ulikuwa unaimba."

Bi Lishe hakumkaribisha kiti. Alimwona tu akiingia mlangoni, mchana, jua linampiga usoni, akainuka. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba. Mama Koni aliinama kutazama anachotazama. Sehemu nyeupe ya jicho haikuwa nyeupe. Ilikuwa njano kama viganja.

"Imeingia mpaka machoni," alisema Mama Koni, na aliposema tu, kwa namna yule mama alivyogeuka kumtazama, akajua kwamba amesema vibaya.

"Rangi ya karoti haiingii hapa," alisema Bi Lishe. "Ngozi inaipaka, jicho inaliacha jeupe. Hii inayofika machoni ni nyongo. Baba, choo chako kina rangi gani?"

Mwezi alimtazama mkewe, akatazama sakafu, akasema.

Bi Lishe alikaa. Alikohoa kwa muda, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akijipa nafasi. "Mlipokuja mara ya kwanza nilipata kosa moja nikaridhika," alisema. "Nilikuwa na jibu mkononi, sikutafuta la pili. Tumbo linalokataa mafuta ningeliuliza zaidi." Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, akawaambia waende leo, wasipitie nyumbani.

Hospitali waliweka mashine tumboni pa Mwezi, wakatoa damu, wakamlaza. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono safi na macho yaliyochoka. Alimwita Mama Koni kwenye korido, penye benchi la chuma, akamweleza bila kuzungusha. Kulikuwa na uvimbe kwenye kongosho, pale ambapo mrija wa nyongo unapita kwenda utumboni. Ulikuwa umeubana ule mrija, pengine polepole kwa muda, kisha ukaufunga. Na haukuishia hapo. Ulikuwa umefika kwenye ini.

"Kwa hiyo nyongo haishuki," alisema Mama Koni.

"Haishuki. Inarudi kwenye damu, ndiyo hiyo njano."

"Na mayai?"

Daktari hakuelewa.

"Mayai niliyompa. Na mboga, kikaango kimoja, mlo mmoja."

"Ah. Bila nyongo kufika, mama, mafuta hayakatwi vizuri. Yanapita. Ungempa kiini, ungempa mafuta ya samaki, vidonge hata, sehemu kubwa ingepita tu."

"Nilimnyima viini miaka mingi. Niliviuza." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anamwambia bei ya koni. "Ni mimi niliyemfanya asione, au ni huo uvimbe?"

Daktari alikaa kwenye benchi kando yake. "Sehemu inaweza kuwa chakula, sehemu ni mrija uliokuwa unaziba. Siwezi kukugawia, mama. Hakuna kipimo cha hilo. Uvimbe wenyewe haukutokana na mayai, hilo nakuhakikishia."

Alitaka agawiwe. Angegawiwa robo angeibeba, angegawiwa yote angeibeba. Kisichogawika hakina mahali pa kushika.

"Nimpe nini sasa?"

"Anachotaka."

"Daktari, mimi ni mpishi. Niambie nimpe nini."

Yule kijana alitazama mikono yake. "Anachotaka," alirudia, kwa upole zaidi, na hapo Mama Koni akaelewa wamefika wapi.

Kulikuwa na jambo moja bado. Kwa sababu ya damu ya fizi, walimchoma Mwezi sindano ya vitamini K. Daktari, aliposikia habari za kutoona jioni, alitafuta na ya vitamini A, akaipata baada ya kupiga simu mara kadhaa, nayo akachomwa kwenye msuli, ikapita pembeni, bila kuomba ruhusa ya utumbo wala nyongo. Mrija wa bandia wa kupitisha nyongo walijadili kuuweka, wakaahirisha, wakajadili tena. Mwezi alikuwa amedhoofika. Mwishoni aliomba kwenda kwake.

Nyumbani alilala sebuleni, kitanda kimeelekezwa dirishani. Mama Koni alifunga biashara. Wateja walikuja na vyombo vyao, wifi akawageuza mlangoni kwa maneno machache, yeye ambaye hakuwahi kuwa na maneno machache. Mama Koni aliendelea kuamka asubuhi na kusimama mbele ya meza. Mikono ilitafuta bakuli. Alipika mayai mazima na mchicha, kwa kuwa hakujua apike nini kingine, akamletea, naye Mwezi alikula vijiko viwili akashika ubavu.

"Mke wangu," alisema, "niletee ule weupe wako."

"Hauna kitu ule."

"Una chumvi. Niletee."

Akaenda kutenganisha yai. Viini vilibaki kwenye bakuli bila mteja, vikimtazama. Alikaanga ute kwenye kikaango kikavu, akaukunja kama leso. Mwezi aliumaliza wote. Alipomaliza alisema, "Sasa nimekula nyumbani," akalala.

Wiki haijaisha tangu sindano, jioni ikaja kama jioni zote. Wifi alikuwa akipasua kuni uani, Mama Koni ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Hakuwasha taa ya ndani. Taa za barabarani zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine, kutoka kona ya mbali.

"Ile ya mbele ya duka la viatu imekufa," alisema Mwezi.

Mama Koni hakujongea.

"Na kuna paka juu ya ukuta. Ananyoosha mguu." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ya kazini. "Geuka nikuone."

Akageuka. Kiza kilikuwa kimeshaingia chumbani, mwenyewe aliona maumbo tu. Mwezi alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Umesuka," alisema.

Alikuwa hajasuka. Nywele zilikuwa zimetimka hivyo hivyo tangu hospitali, na alijua kwamba Mwezi anaziona, na kwamba anamtania. Alitaka kucheka, kicheko kikaja na kitu kingine nyuma yake, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Macho aliyoyatafuta kwa mayai yote yale yalikuwa yamerudi. Yalirudi kwa mlango ambao si wake, wakati hakuna tena gari la kupanda.

Mwezi alipata jioni chache za namna hiyo. Alizitumia kutazama. Mara mbili alimwambia dada yake aende karakana awaambie habari ya ile taa ya duka la viatu. Wifi alikwenda, wakaahidi. Kisha Mwezi akaacha kuzungumza, kisha akaacha kutazama, na mchana mmoja, nje jua linawaka, akaenda zake.

Baada ya watu kuondoka na viti vya kuazima kurudishwa, Mama Koni na wifi yake walibaki na nyumba. Wifi alileta mchicha, akauweka mezani. "Hujala tangu juzi," alisema. "Sitaki kuambiwa na watu nimemuua wifi."

Mama Koni aligonga yai kwenye ukingo wa bakuli. Kwa mazoea likamwagikia kiganjani na vidole vikaanza kuachana. Akavibana. Akalitia kikaangoni zima, na la pili, na mboga, akavuruga mpaka majani yakang'aa. Walikula kibarazani, sahani moja, kwa mikono, bila kuongea. Jioni ikaingia. Taa zikawaka mpaka kwenye duka la viatu, zikaruka nguzo moja, zikaendelea.

Aliiona vizuri. Aliona waya wake, aliona kioo chake kilichopasuka, aliona hata kiota cha ndege nyuma ya kofia yake ya bati. Alikuwa na macho mazima ya jioni. Tumboni mwake chakula kilikuwa kinakutana kama kilivyopaswa kukutana, nyongo inashuka, rangi inapita kwenda ndani, na hakuwa na namna ya kumgawia mtu yeyote.

"Wifi, kula," alisema dada yake Mwezi. "Kinapoa."

Akala.